Tahadhari au ukuaji? Ukurasa wa fomu ya pensheni ambao vijana huuruka

Fomu ya kujiunga na mfuko wa pensheni huwa na ukurasa mmoja unaoulizia michango yako iwekezwe wapi. Chini yake kuna visanduku viwili au vitatu: tahadhari, wastani, ukuaji. Majina hubadilika kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, ila maana ni hiyo hiyo. Kwa miaka niliyokaa kwenye bodi ya wadhamini nikiwakilisha wanachama, fomu za vijana wa miaka 23, 25 au 27 zimepita mbele yangu nyingi zikiwa na alama kwenye kisanduku cha tahadhari. Ukiuliza sababu, jibu halibadiliki: "Hii ni pensheni, si kamari."

Jibu hilo lina busara yake, na siwacheki wanaolitoa. Tatizo ni kwamba linapima hatari kwa kipimo cha mtu anayestaafu mwakani, wakati aliyejaza fomu amebakiza miaka 35 kazini.

Kwanza tukubaliane ni mfuko wa aina gani. Kuna mifuko ya zamani inayoahidi mafao: ukifanya kazi miaka kadhaa utalipwa sehemu fulani ya mshahara wako, na uwekezaji ukienda vibaya mwajiri ndiye anayeziba pengo. Huko mwanachama haulizwi kuhusu tahadhari wala ukuaji, kwa kuwa si mzigo wake. Mfuko ninaouzungumzia hapa ni ule ambao kitu pekee kinachojulikana mapema ni mchango: wewe unakatwa kiasi fulani, mwajiri anaongeza chake, na siku ya kustaafu unapewa kilichopatikana. Faida ni yako, hasara ni yako. Ndiyo maana ukaulizwa.

Kilichomo ndani ya kila kisanduku

Jina la chaguo halikuambii mengi. Omba karatasi ya maelezo ya chaguo lenyewe, ile yenye mgawanyo wa mali, kisha tafuta namba moja: asilimia ya hisa.

Chaguo la tahadhari kwa kawaida huwa na hisa kidogo, tuseme asilimia 20, na kilichobaki kiko kwenye hatifungani za serikali, hati za muda mfupi na amana za benki. Fedha hizi zinakopeshwa, na anayekopesha anajua riba yake. Chaguo la ukuaji hugeuza mgawanyo huo: hisa asilimia 70, 80 au zaidi, pengine na majengo, na hatifungani kidogo pembeni. Mwenye hisa hakukopesha mtu. Amenunua kipande cha biashara, na mapato yake yanategemea biashara hizo zitapata nini. Hana ahadi mkononi, na kwa kukubali kukaa bila ahadi, kwa muda mrefu kwa kawaida amelipwa zaidi ya mkopeshaji. Neno la kuangalia hapo ni "kwa kawaida", na nitalirudia mbele.

Tofauti hiyo huonekana soko likitetereka. Chukua mwaka ambao hisa zimeshuka asilimia 40 na hatifungani hazijasogea. Chaguo lenye hisa asilimia 20 litashuka asilimia 8. Lenye hisa asilimia 80 litashuka asilimia 32. Mfano huu si wa kutisha watu tu: mwaka 2008 hisa za masoko ya nchi tajiri, zikipimwa kwa pamoja kwa dola, zilishuka kwa takriban asilimia 40.

Hata hivyo, usidhani tahadhari haishuki. Hatifungani ya muda mrefu hupoteza bei riba za sokoni zinapopanda, kwa sababu hakuna atakayenunua karatasi yako ya riba ndogo kwa bei ya jana wakati leo anapata yenye riba kubwa. Mwaka 2022 ulionyesha hilo waziwazi. Nchini Marekani hisa za kampuni kubwa zilishuka kama asilimia 18, na hatifungani, ambazo watu waliziona kama ukuta wa kujikinga, zikashuka kama asilimia 13 mwaka huo huo. Baadhi ya waliochagua tahadhari hawakuamini taarifa zao.

Hasara isiyoandikwa kwenye taarifa

Hasara ya ukuaji inajulikana. Inaandikwa na alama ya kutoa, unaiona, inakuuma. Hasara ya tahadhari ina adabu sana: haionekani popote. Taarifa ya mwaka itasema umepata asilimia 5, na kweli umepata. Kama bei za vitu nazo zimepanda asilimia 5 mwaka huo, hujasogea hata hatua moja. Zikipanda asilimia 6, umerudi nyuma huku ukipongezwa kwa barua. Mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka hupunguza uwezo wa fedha kununua hadi nusu katika miaka 14 hivi, na mwenye miaka 25 ana zaidi ya mara mbili ya miaka hiyo mbele yake.

Kwa hiyo hesabu zote zinazofuata nimezifanya kwa fedha yenye thamani ya leo. Nikisema asilimia 1, ni asilimia 1 juu ya kupanda kwa bei. Ukichanganya hesabu za aina hizi mbili, utapewa namba nono zisizo na maana, na nimewahi kuona vijitabu vya mauzo vinavyofanya hivyo bila haya.

Mtu mmoja, njia nne

Mwanachama ana miaka 25. Mchango wake na wa mwajiri kwa pamoja ni 100 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka. Weka fedha ya nchi yoyote, uwiano haubadiliki. Mshahara wake unapanda sawa na bei, basi mchango unabaki 1,200 kwa thamani ya leo hadi afikishe miaka 60. Katika miaka 35 atakuwa ameweka jumla ya 42,000.

Nadharia yangu ni kwamba tahadhari itampa asilimia 1 kwa mwaka juu ya kupanda kwa bei, na ukuaji asilimia 4, ada zikiwa zimeshatolewa. Hizi si ahadi. Ni makadirio ya kufanyia hesabu, na ukiona mtu anakupa namba kubwa zaidi muulize alizitoa wapi.

Njia ya kwanza ni tahadhari mwanzo hadi mwisho. Anamaliza na karibu 50,000. Katika miaka 35, faida yote juu ya alichoweka ni 8,000.

Njia ya pili ni ukuaji mwanzo hadi mwisho, bila tukio lolote kubwa. Anamaliza na karibu 88,400. Michango ni ile ile, kazi ni ile ile.

Njia ya tatu ndiyo inayojibu hofu ya vijana. Amechagua ukuaji, na mwishoni mwa mwaka wa tatu soko linaporomoka, chaguo lake linapoteza asilimia 40 kwa mkupuo. Nimeweka asilimia 40 ya chaguo zima, si ya hisa peke yake, ili mfano uwe mkali kuliko ule wa juu. Alikuwa na 3,746. Sasa ana 2,248. Amepoteza 1,498, na jirani yake wa tahadhari hajaguswa. Tuzidishe ukali: tuseme bei hazirudi kamwe zilikokuwa. Soko linaendelea tu na asilimia yake 4 kuanzia chini pale ilipoangukia. Akiendelea kuchangia, anafikisha miaka 60 akiwa na karibu 83,100.

Soma hiyo tena. Mporomoko mbaya kabisa, usiofidiwa, umemgharimu kiasi cha 5,300 kati ya 88,400. Sababu ni kwamba ulimkuta hana kitu. Alichopoteza siku ile kilikuwa sawa na michango ya miezi 15, na michango 384 ya kila mwezi ilikuwa bado haijaingia, kwa hiyo haikuguswa.

Njia ya nne ni ya mtu yule yule aliyeporomokewa mwaka wa tatu, ila yeye aliogopa. Alijaza fomu ya kuhama, akaingia tahadhari na kubaki huko hadi mwisho. Anamaliza na karibu 48,100.

| Njia | Anachomaliza nacho |
|---|---|
| Tahadhari miaka yote 35 | 50,000 |
| Ukuaji miaka yote, bila mporomoko | 88,400 |
| Ukuaji, mporomoko mwaka wa 3, akabaki | 83,100 |
| Ukuaji, mporomoko mwaka wa 3, akakimbia | 48,100 |

Wa mwisho kabisa si yule aliyekuwa na tahadhari tangu mwanzo. Ni aliyeingia ukuaji asiouweza. Ndiyo maana huwa siwaambii vijana wote waweke alama kwenye ukuaji. Huwauliza: taarifa ikija na thuluthi ya fedha zako imeondoka, utafanya nini? Anayejibu haraka kwamba hatajali, huwa simwamini sana. Anayenyamaza kidogo kisha akasema atajisikia vibaya ila ataiweka kabatini, huyo yuko tayari.

Kwa nini mporomoko wa mapema una upande mzuri

Mifuko mingi hugawa fedha zako katika vipande, na kila kipande kina bei yake inayotangazwa. Mchango wako wa mwezi hununua vipande. Hapa kijana ana faida ambayo mzee hana: yeye bado ni mnunuzi.

Tuseme kipande kiliuzwa 10 mwaka mzima, kisha kikashuka hadi 6 na kukaa hapo mwaka mwingine, halafu kikarudi 10. Mwaka wa kwanza mchango wa 100 kwa mwezi ulinunua vipande 10 kila mwezi, jumla 120. Mwaka wa pili 100 hiyo hiyo ilinunua vipande zaidi ya 16 na nusu kila mwezi, jumla 200. Bei iliporudi 10, una vipande 320 vyenye thamani ya 3,200, na ulichoweka ni 2,400. Bei imerudi ilipoanzia tu, haijaongezeka hata kidogo, lakini wewe umepata theluthi ya ziada. Aliyesimamisha michango mwaka ule wa pili kwa sababu "hali ni mbaya" alikosa hivyo vipande 200.

Geuza sasa umri. Mwanachama huyu huyu wa ukuaji akiwa na miaka 55, baada ya miaka 30 ya kuchangia, ana karibu 67,300. Mporomoko wa asilimia 40 unamwondolea 26,900, ambayo ni michango ya zaidi ya miaka 22. Ana miaka 5 tu ya kununua kwa bei nafuu, na kushuka kwa asilimia 40 kunahitaji kupanda kwa karibu asilimia 67 ili kurudi mahali pake. Asilimia ni ile ile iliyomkuta akiwa na miaka 28, lakini wakati ule ilibeba miezi 15 na sasa imebeba miaka 22.

Kutokana na hesabu hiyo ndipo lilipotoka chaguo jingine, ambalo mifuko mingi inalo: linaanza na hisa nyingi, kisha linazipunguza lenyewe kadiri umri unavyosogea. Uswidi inalo kwa wale wasiochagua chochote katika sehemu ya pensheni inayowekezwa: mfuko wa AP7 huwaweka kwenye hisa pekee hadi miaka 55, ndipo unaanza kuhamisha polepole kwenda kwenye hatifungani. Kama mfuko wako una chaguo kama hilo, ada zake si kubwa, na hupendi kufikiria mambo haya kila mwaka, mimi ningelichukua na kwenda zangu.

Nest, mfuko wa pensheni wa Uingereza, ilichukua njia tofauti. Ilipoanza kupokea wanachama ilibuni awamu ya mwanzo yenye hatari ndogo kwa vijana wa miaka ya ishirini. Si kwamba hawakuijua hesabu niliyoifanya hapo juu. Waliogopa njia ya nne: kijana aonaye hasara kwenye taarifa yake ya kwanza kabisa anaweza kuacha kuchangia moja kwa moja, na kuacha kuchangia ni hasara kubwa kuliko kupata asilimia ndogo kwa miaka michache. Wataalamu wawili wenye hesabu sawa wamefikia majibu mawili kwa kuwa mmoja aliitazama fedha na mwingine akamtazama mtu.

Tahadhari ikiwa ndiyo jibu sahihi

Hesabu yote hapo juu inategemea miaka 35. Kwa baadhi ya vijana miaka hiyo haipo.

Kama sheria za mfuko wako zinaruhusu kuchukua fedha ukiacha kazi, na wewe unajua mkataba wako unaisha baada ya miaka miwili na fedha hizo utazichukua kuanzia maisha, basi safari yako ni ya miaka miwili. Fedha ya miaka miwili haina kazi kwenye hisa. Vivyo hivyo kama huna akiba yoyote nje ya pensheni na mfuko unaruhusu kutoa sehemu kwa dharura. Mara nyingi kazi hupotea wakati ule ule ambao soko limeanguka, kwa hiyo utauza vipande kwa 6 ambavyo ulivinunua kwa 10, tena kwa lazima. Ningeshauri kwanza ujenge akiba ya miezi kadhaa mahali pengine, kisha urudi kwenye fomu.

Kuna pia aina ya tahadhari ambayo huahidi riba ya chini iliyohakikishwa na kulainisha mapato, ikiweka kando faida ya mwaka mzuri ili kuziba mwaka mbaya. Inapendeza kuitazama. Muulize msimamizi maswali mawili: nani anayehakikisha, na ukihama katikati ya mwaka mbaya utakatwa kiasi gani? Kama anayehakikisha ni mfuko wenyewe kwa fedha za wanachama wengine, hilo si hakikisho, ni kugawana.

Mahali ambapo ukuaji hukwama

Nilisema nitalirudia neno "kwa kawaida". Mwishoni mwa 1989 kipimo cha hisa za Japani, Nikkei 225, kilifunga kwenye 38,915. Kiwango hicho hakikupitwa tena hadi Februari 2024. Miaka 34. Gawio halimo kwenye kipimo hicho, na anayenunua kila mwezi huumia kidogo kuliko aliyeingiza fedha zote kileleni, ila hata hivyo ni maisha mazima ya kazi. Japani haikuwa nchi maskini wala soko dogo.

Kwa hiyo ukisoma karatasi ya chaguo la ukuaji, usiishie kwenye asilimia ya hisa. Angalia ni hisa za wapi na za kampuni ngapi. Chaguo lililobeba hisa za nchi moja, au kampuni kumi ambazo tano ni benki, linategemea hali ya mahali pamoja, na mahali hapo kwa kawaida ndipo unapopata mshahara wako. Uchumi ukianguka, mshahara na pensheni vinatikisika pamoja. Katika hali hiyo, mchanganyiko wa wastani unaweza kuwa bora kuliko ukuaji wa jina.

Na makadirio yangu yakikosea? Tuseme ukuaji unaleta asilimia 2 tu badala ya 4. Mwanachama anafikia karibu 60,000, na mporomoko wa asilimia 40 ukimkuta mwezi wa mwisho anabaki na 36,000, chini ya 42,000 alizoweka. Inawezekana. Lakini tazama tena umri: janga hilo linahitaji abaki kwenye ukuaji mzito hadi siku ya mwisho. Halimhusu yule anayejaza fomu akiwa na miaka 25 na kupunguza hisa kuanzia miaka 50 na kitu.

Ada ni jambo lingine, na ndilo pekee unaloweza kulijua kwa uhakika kabla ya kusaini. Ukuaji kwa kawaida hutoza zaidi. Katika mfano wetu, ada ikiongezeka kwa nusu ya asilimia kwa mwaka, mapato yanashuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 na mwisho wa safari unakuwa 80,000 badala ya 88,400. Nusu ya asilimia imekula karibu michango ya miaka 7, zaidi ya kilicholiwa na mporomoko wa mwaka wa tatu. Ajabu ni kwamba kwenye mikutano ya wanachama mporomoko huulizwa maswali ishirini, na ada haipati hata moja.

Kujaza fomu

Kama hukuchagua, tayari umechaguliwa. Kila mfuko una mahali unapowapeleka wasioweka alama, na mingine huwapeleka kwenye tahadhari kwa sababu hakuna anayemlalamikia mdhamini kwa hasara isiyoonekana. Uliza wako huwapeleka wapi.

Kwa kijana mwenye kazi ya kudumu, mwenye akiba kidogo pembeni na asiyepanga kutoa fedha hizo karibuni, mimi nachagua ukuaji uliotawanywa vizuri, au lile chaguo linalopunguza hisa kwa umri. Kwa anayejijua kwamba atakimbia, nachagua wastani, yaani hisa karibu nusu. Mapato yatakuwa katikati, lakini mtu atabaki. Tahadhari namwachia anayekaribia kuzichukua fedha.

Wengine hupenda kugawa nusu tahadhari na nusu ukuaji. Si kosa, mradi ujue umejitengenezea wastani wako mwenyewe. Angalia kama chaguo la wastani lililopo halifanyi hivyo kwa ada ndogo zaidi, tena likirudisha mgawanyo mahali pake kila mara bila wewe kukumbuka.

Ukitaka kuhama baadaye, soma fomu ya kuhama kwa makini. Nyingi zina sehemu mbili tofauti: moja ni ya fedha zilizokwisha kulimbikizwa, nyingine ni ya michango ijayo. Nimeona mwanachama aliyedhani amehamia ukuaji, kumbe amehamisha michango mipya tu na limbikizo la miaka 6 limebaki tahadhari. Amegundua akifuatilia jambo jingine kabisa. Mgawanyo huo unaweza kukusaidia pia: anayeogopa kuhamisha kila kitu kwa siku moja anaweza kuelekeza michango mipya kwenye ukuaji na kuliacha limbikizo lilipo kwa muda.

Na usihame kwa kufuata habari. Maombi huwa hayatekelezwi siku unayosaini, hutekelezwa kwa bei ya tarehe ya kuthamini inayofuata, ambayo inaweza kuwa wiki kadhaa mbele. Ukikimbia kwa sababu bei ni 7, vipande vyako vinaweza kuuzwa kwa 6, na ukajaza fomu ya kurudi ikiwa 8 ukanunua kwa 9. Chile ilianzisha machaguo matano, kuanzia A lenye hisa nyingi zaidi hadi E lenye hisa kidogo zaidi, mwaka 2002, na miaka iliyofuata wanachama wengi sana walijifunza kuruka kutoka A hadi E na kurudi kwa kufuata washauri wa kulipia. Mihamo ikawa mikubwa hadi ikasukuma bei za soko lenyewe, na wasimamizi wakalazimika kushika fedha taslimu zaidi ili waweze kuwalipa wanaohama.

Taarifa ya mwaka ikifika, mimi huangalia vitu vitatu: michango yote 12 imeingia, ada ni ile niliyoambiwa, na chaguo lililoandikwa ni lile nililoweka alama. Cha kwanza ndicho ninachokikuta na makosa mara nyingi zaidi, na mchango ambao mwajiri hakuuwasilisha haupati faida kwenye tahadhari wala kwenye ukuaji.